Mtamba wa Nguruwe Apandishwe Lini: Umri, Uzito na Dalili za Joto

Na Mwandishi Wetu

Wafugaji wengi wa nguruwe hapa nchini, hususan katika mikoa ya nyanda za juu kusini kama Songwe, Mbeya, Iringa na Njombe, huanza ufugaji kwa kununua majike wawili au watatu walioachishwa kunyonya. Majike hao hulishwa kwa miezi kadhaa bila kuingiza chochote, na siku ya kwanza ya kupandishwa ndiyo siku ambayo mfugaji huanza kuhesabu kurejea kwa gharama zake. Kwa sababu hiyo kishawishi cha kuharakisha ni kikubwa. Jike akionekana ameingia joto tu, dume hutafutwa.

Uharaka huo huwa na gharama ambayo haionekani mara moja. Jike anayepandishwa akiwa bado mdogo hubeba mimba huku mwili wake wenyewe ukiwa unakua. Hupata watoto wachache, nyonga yake nyembamba humpa shida wakati wa kuzaa, na maziwa yake hutoka katika akiba ndogo ya mwili. Akimaliza kunyonyesha huwa amekonda kiasi kwamba joto linalofuata huchelewa, na mara nyingi ni uzao wa pili ndio unaoporomoka. Mfugaji aliyepata watoto sita katika uzao wa kwanza hushangaa kupata wanne katika wa pili, ilhali chanzo chake ni uamuzi wa mwaka uliopita.

Makala hii inaeleza namna ya kufikia uamuzi huo kwa jike ambaye hajawahi kuzaa, yaani mtamba: mambo matatu ya kuangaliwa kwa pamoja, jinsi ya kukadiria uzito bila mizani, na jinsi ya kutambua kwa uhakika saa ambayo mtamba yuko tayari kupokea dume.

Mambo matatu, si moja

Umri peke yake hautoshi. Mtamba wa mbegu za kisasa anayelishwa vizuri huweza kuonesha joto la kwanza akiwa na umri kati ya miezi mitano na nusu na saba. Chotara anayelishwa pumba za mahindi na mabaki ya jikoni huweza kuchelewa hadi mwezi wa nane au zaidi. Wawili hao wakiwa na umri sawa wa miezi saba, mmoja anaweza kuwa na kilo 110 na mwingine kilo 70.

Uzito peke yake nao hautoshi, kwa kuwa mtamba anaweza kunenepeshwa upesi na kufikia kilo nyingi kabla viungo vyake vya uzazi havijapevuka. Mafuta hayo hayamsaidii. Mtamba mnene kupita kiasi huwa na joto lisilo wazi na hupata shida ya kuzaa.

Jambo la tatu ni idadi ya joto alizokwishapitia. Katika joto la kwanza, ovari huachia mayai machache kuliko katika joto la pili na la tatu. Kwa kuwa idadi ya watoto haiwezi kuzidi idadi ya mayai yaliyotoka, mtamba anayepandishwa katika joto la kwanza huanza na hasara kabla dume hajafika.

Kanuni inayofaa kwa mfugaji mdogo ni hii: mtamba apandishwe akiwa ametimiza miezi saba na nusu hadi minane, akiwa na uzito usiopungua kilo 120 kwa mbegu za kisasa au takribani kilo 110 kwa chotara mwenye umbo kubwa, na akiwa katika joto la pili au la tatu. Masharti yote matatu yatimie kwa pamoja. Kwa nguruwe wa kienyeji mwenye umbo dogo, ambaye huenda asifikie kilo hizo maishani, mfugaji ategemee zaidi umri wa miezi tisa hadi kumi, idadi ya joto na hali ya mwili.

Hali ya mwili hupimwa kwa mkono. Mfugaji apitishe kiganja juu ya uti wa mgongo na mifupa ya nyonga. Mifupa ikionekana kwa macho, mtamba amekonda. Ikiwa haionekani lakini inahisika kwa kubonyeza kidogo, yuko sawa. Ikiwa haihisiki hata kwa kubonyeza kwa nguvu, amenenepa kupita kiasi na chakula kipunguzwe.

Kupima uzito kwa kamba

Mizani ya kupimia nguruwe mzima haipatikani katika vijiji vingi, lakini futi ya fundi cherehani au kamba isiyovutika hutosha. Vipimo viwili vinahitajika. Cha kwanza ni mzingo wa kifua, ambao hupimwa kwa kuzungusha futi nyuma tu ya miguu ya mbele. Cha pili ni urefu wa mwili, ambao hupimwa kufuata uti wa mgongo, kuanzia katikati ya masikio hadi shina la mkia.

Vipimo vyote viandikwe kwa mita. Kisha mzingo uzidishwe kwa mzingo, jibu lizidishwe kwa urefu, na jibu hilo lizidishwe kwa 69.3. Kinachopatikana ni makadirio ya uzito kwa kilo.

Kwa mfano, mtamba mwenye mzingo wa mita 1.08 na urefu wa mita 1.20 atahesabiwa hivi:

1.08 × 1.08 × 1.20 × 69.3 = 97

Mtamba huyo ana takribani kilo 97. Makadirio haya yanaweza kukosea kwa kilo tano hivi kwenda juu au chini, hasa ikiwa nguruwe ameinamisha kichwa au amejikunja. Ni vyema apimwe asubuhi kabla ya kula, akiwa amesimama sawasawa, na kipimo kirudiwe mara mbili. Tofauti ya sentimita tatu katika mzingo hubadilisha jibu kwa zaidi ya kilo tano, kwa hiyo futi isilegee wala isikazwe hadi kuzama katika ngozi.

Wekundu si joto kamili

Nguruwe jike asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 21, ingawa siku 18 hadi 24 bado ni kawaida. Makosa mengi hutokea kwa sababu dalili za joto huja kwa awamu, na awamu inayoonekana zaidi kwa macho si ile ya kupandisha.

Siku mbili hadi nne kabla ya joto lenyewe, sehemu ya nje ya uke huvimba na kuwa nyekundu. Kwa mtamba dalili hii huwa kubwa kuliko kwa jike aliyekwishazaa. Mtamba huwa hatulii, hula kidogo, hutoa sauti za mara kwa mara na huwapanda wenzake. Majimaji mepesi yanaweza kuonekana ukeni. Hata hivyo, mwenzake au dume akijaribu kumpanda, hukimbia. Mfugaji anayemwita dume siku hiyo hupoteza gharama, na mtamba huweza kuumia.

Joto lenyewe huanza pale mtamba anapokubali kusimama tuli. Kufikia hapo wekundu huwa umeanza kupungua na majimaji huwa mazito, yenye kunata kati ya vidole. Akiguswa mgongoni hukaza miguu kama aliyepigiliwa misumari, huinua masikio ikiwa ni mbegu ya masikio yaliyosimama, na macho yake hutazama mahali pamoja. Mwenzake akimpanda, hatoroki. Ni muhimu kutofautisha wawili hao: anayepanda wenzake huenda bado hajafika, ila anayekubali kupandwa akiwa ametulia ndiye aliye kwenye joto.

Kwa mtamba, hali hii ya kusimama hudumu kwa kawaida saa 24 hadi 48. Jike aliyekwishazaa huweza kufikisha siku mbili hadi tatu, na ndiyo maana mfugaji aliyezoea majike wakubwa huwakosa mitamba. Anayekagua mara moja tu kwa siku anaweza kugundua joto likiwa karibu kwisha.

Jinsi ya kukagua

Ukaguzi ufanyike mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kukiwa na ubaridi, na usifanyike wakati wa kulisha kwa kuwa nguruwe mwenye njaa hujali chakula kuliko kitu kingine. Mfugaji amkaribie mtamba kwa utulivu kutoka ubavuni, amsugue mbavu na kiuno, kisha aweke viganja viwili juu ya mgongo karibu na kiuno na kukandamiza. Akitulia, aongeze uzito taratibu hata kuegemea. Mtamba aliye kwenye joto husukuma mgongo kuelekea kwenye mkono badala ya kukwepa.

Kipimo cha mkono pekee kina upungufu. Bila kuwepo dume, takribani nusu ya mitamba walio kwenye joto hukataa kusimama wanapokandamizwa na mtu. Harufu ya mate ya dume aliyekomaa, pamoja na sauti yake, ndivyo vinavyowafanya wengi waliobaki wasimame. Mwenye dume amlete upande wa pili wa ukuta au uzio, pua kwa pua na mtamba, huku yeye akikandamiza mgongo.

Jambo moja husahaulika hapa. Mtamba akishasimama mbele ya dume kwa dakika kumi hadi kumi na tano, misuli yake huchoka na huacha kusimama ingawa joto lingali. Mfugaji anayewaweka pamoja kwa muda mrefu kisha akajaribu kumpandisha huona mtamba akikataa na kudhani joto limekwisha. Apumzishwe mbali na dume kwa saa moja au zaidi, kisha ajaribiwe tena. Kwa sababu hiyo hiyo, dume asiwekwe jirani na mitamba usiku na mchana. Wakimzoea, uwepo wake hauwaamshi tena.

Dume hutumika pia kuwahisha joto la kwanza. Mitamba wakifikisha umri wa miezi mitano na nusu, waoneshwe dume aliyekomaa, mwenye umri usiopungua miezi kumi, kwa dakika kumi hadi kumi na tano kila siku chini ya uangalizi. Wengi huanza kuonesha joto ndani ya wiki chache. Tarehe ya joto hilo iandikwe, lakini wasipandishwe.

Saa ya kupandisha

Mayai hutoka katika ovari kuelekea mwishoni mwa kipindi cha kusimama, na huishi kwa saa chache tu. Mbegu za dume huishi ndani ya jike kwa takribani siku moja, na huhitaji saa kadhaa kabla ya kuwa na uwezo wa kurutubisha. Kwa hiyo mbegu zinapaswa kuwa zimetangulia kufika kabla ya mayai. Kuchelewa kuna madhara kuliko kuwahi kidogo.

Kwa mfugaji anayekagua mara mbili kwa siku, utaratibu ni rahisi. Mtamba aliyeanza kusimama asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo na arudiwe asubuhi inayofuata. Aliyeanza kusimama jioni apandishwe asubuhi inayofuata na arudiwe jioni. Asiyesimama tena wakati wa kurudiwa asilazimishwe.

Mtamba ndiye apelekwe kwenye banda la dume. Dume akihamishiwa mahali pageni hupoteza muda akinusa kila kona. Sakafu iwe kavu na isiyoteleza, na kwa mara ya kwanza dume asiwe mzito mno kuliko mtamba, kwa sababu mtamba aliyeumia mgongo au mguu huogopa kusimama katika joto lijalo. Tendo lenyewe huchukua dakika tano hadi kumi au zaidi. Wawili hao wasitenganishwe kabla dume hajashuka mwenyewe. Dume asiwe baba wala ndugu wa mtamba.

Mfano wa mfugaji wa Mbozi

Tuchukue mfano wa mfugaji wa wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, mwenye mtamba chotara wa umbo kubwa aliyezaliwa katikati ya Agosti. Tarehe 3 Machi anamkuta amesimama tuli kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miezi sita na nusu. Kamba inampa mzingo wa mita 1.08 na urefu wa mita 1.20, yaani kilo 97. Umri bado, uzito bado, na joto ni la kwanza. Anaandika tarehe na kumwacha.

Tarehe 24 Machi, siku 21 baadaye, mtamba anasimama tena. Mzingo ni mita 1.12 na urefu mita 1.24, sawa na takribani kilo 108. Sasa ni joto la pili na uzito umekaribia. Hata hivyo umri ni miezi saba na siku chache, na kwa kuzingatia makosa ya kipimo, uzito halisi unaweza kuwa kilo 103. Anaamua kusubiri. Uamuzi huu una bei: mtamba anayekula kilo mbili na nusu kwa siku atakula kilo 52 na nusu za chakula katika siku 21 zijazo. Mfugaji analinganisha gharama hiyo na hatari ya kupoteza watoto wawili au watatu katika kila uzao kati ya miwili ya mwanzo.

Kuanzia tarehe 2 Aprili, siku 12 kabla ya joto analolitarajia, anaongeza chakula kutoka kilo mbili na nusu hadi kilo tatu kwa siku. Nyongeza hii ya muda mfupi husaidia mayai mengi zaidi kupevuka kwa mtamba ambaye hakuwa amenenepa. Asubuhi ya tarehe 14 Aprili mtamba anasimama. Mzingo ni mita 1.16 na urefu mita 1.27, sawa na kilo 118. Umri unakaribia miezi minane, na joto ni la tatu. Anapandishwa jioni ya siku hiyo na asubuhi ya tarehe 15.

Baada ya hapo chakula kinarudishwa hadi takribani kilo mbili, na mtamba hahamishwi wala kuchanganywa na wageni katika mwezi wa kwanza, kwa sababu fujo na joto kali la jua huweza kuharibu mimba changa. Kati ya tarehe 2 na 8 Mei anakaguliwa asubuhi na jioni kama amerudi kwenye joto. Asiporudi, huenda ameshika mimba; anaangaliwa tena baada ya siku nyingine 21. Mimba ya nguruwe huchukua takribani siku 114, kwa hiyo mfugaji anatarajia watoto karibu na tarehe 6 Agosti.

Dalili zinazodanganya

Yapo mazingira ambayo uke huvimba na kuwa mwekundu bila joto lolote. Chanzo cha kawaida ni mahindi au pumba zenye ukungu. Baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu iitwayo zearalenoni, ambayo mwili wa nguruwe huipokea kana kwamba ni homoni ya uzazi ya jike. Mfugaji anaweza kuitambua kwa mambo matatu: uvimbe huonekana kwa majike wengi kwa wakati mmoja, hata wenye umri wa miezi mitatu, hudumu bila kufuata mzunguko wa siku 21, na hakuna anayesimama anapokandamizwa. Chakula hicho kiondolewe mara moja. Mitamba hao wasipandishwe hadi uvimbe uishe na mzunguko wa kawaida urejee.

Upande wa pili ni mtamba aliyefikisha miezi tisa bila kuonesha joto. Kabla ya kumhukumu kuwa tasa, mfugaji ajiulize kama anakaguliwa mara mbili kwa siku, kama amewahi kuoneshwa dume, kama banda lina mwanga, na kama chakula chake kina protini ya kutosha kutoka kwenye mashudu au dagaa badala ya pumba tupu. Kumhamishia banda jingine na kumwonesha dume kila siku mara nyingi huamsha joto ndani ya wiki mbili au tatu. Aliyebadilishiwa yote hayo na bado haoneshi joto baada ya miezi miwili auzwe kwa nyama.

Uchafu mzito mweupe au wa njano unaotoka ukeni siku kadhaa baada ya kupandishwa ni dalili ya maambukizi ya mji wa mimba, na si joto. Mtamba huyo asirudishwe kwa dume kabla ya kuonwa na daktari wa mifugo.

Dume wa kuazima na Homa ya Nguruwe ya Afrika

Wafugaji wengi hawana dume wao, hivyo humkodi kwa jirani. Hapa ndipo upandishaji unapokutana na ugonjwa usio na tiba. Virusi vya Homa ya Nguruwe ya Afrika huenezwa kwa kugusana kwa nguruwe, na pia kupitia nyama, mabaki ya chakula, viatu, vyombo na magari yaliyochafuliwa. Dume anayezunguka mabanda kumi kwa mwezi anaweza kuupeleka ugonjwa katika mabanda yote kumi kabla yeye mwenyewe hajaonekana kuugua.

Mfugaji aulize kama kuna vifo vya nguruwe vilivyotokea hivi karibuni mahali dume alipopita. Dume au jike mwenye homa, asiyekula au mwenye madoa mekundu masikioni na tumboni asipandishwe, na taarifa itolewe kwa afisa mifugo wa kata. Karantini ikitangazwa, kumhamisha nguruwe kwa ajili ya kupandisha ni sehemu ya kile kilichozuiwa, hata kama safari ni ya nyumba ya pili. Joto la mtamba litarudi baada ya siku 21, na hasara yake ni chakula cha wiki tatu. Ugonjwa ukiingia bandani, huweza kumaliza nguruwe wote.

Kila mfugaji anashauriwa kuwa na daftari lenye safu tano kwa kila mtamba: tarehe ya kuzaliwa, tarehe za joto, uzito katika kila joto, tarehe na dume aliyempanda, na tarehe ya kukaguliwa kama amerudi kwenye joto. Afisa mifugo wa kata anapoitwa kusaidia, daftari hilo ndilo jambo la kwanza atakaloliomba, kwa kuwa bila tarehe hizo hawezi kutofautisha mtamba aliyekosa mimba na mtamba aliyepandishwa siku isiyo yake.